Makato ya kila mwezi benki: namna ya kuomba yaondolewe au uhamishiwe akaunti nafuu

Malipo ya kwanza ya korosho yakishaingia kwenye akaunti, simu yangu huanza kuita. Ni ndugu, majirani, na watu ambao sijui namba yangu wameipata wapi. Swali ni lilelile: "Chama kimeniambia nimelipwa kiasi hiki, mbona benki nimekuta pungufu?" Wasio wakulima nao wanalo la kwao. Yuko aliyeacha kazi akaiacha akaunti ya mshahara, na yuko aliyefungua akaunti ya biashara ambayo biashara yenyewe ilikufa. Nimewahi kukaa miaka michache upande wa pili wa ile meza ya huduma kwa wateja, kwa hiyo najua ombi la namna gani hupita na la namna gani huishia kwenye "tutakupigia."

Jambo moja ulijue kabla ya kuinuka kitini. Ada ya mwezi haikatwi na mtu, inakatwa na mfumo wa kompyuta kwa kuangalia aina ya akaunti yako. Ofisa akikuonea huruma mwezi huu, mwezi ujao mfumo utakata tena, kwa sababu wenyewe haujui kwamba mliongea. Kwa hiyo ombi kuu liwe kubadilishiwa aina ya akaunti. Ombi la kurudishiwa ulichokwisha katwa liwe la pili, na lifuate nyuma ya hilo la kwanza. Wengi wanageuza mpangilio huu, wanarudishiwa elfu mbili tatu, wanaenda nyumbani wamefurahi, na baada ya miezi mitatu wako palepale.

Mwongozo huu ni wa Tanzania. Viwango nilivyoweka ni vya mfano. Vya benki yako utavikuta kwenye orodha yake ya ada.

Vitu vya kuwa navyo

- Namba ya akaunti, na kadi kama unayo.
- Kitambulisho cha NIDA au ile namba yake ya tarakimu 20.
- Simu yenye laini iliyosajiliwa kwenye akaunti. Kama laini ilipotea au umebadilisha namba, utaanza na hilo.
- Taarifa ya akaunti, yaani steitimenti, ya miezi 12 iliyopita.
- Orodha ya ada ya benki yako. Hubandikwa ukutani kwenye tawi, na benki nyingi huiweka pia kwenye tovuti.
- Barua yako, nakala mbili. Mfano uko chini.

Kuhusu steitimenti: ya kuchapishwa tawini na kugongwa muhuri mara nyingi hulipiwa, tena kwa kila ukurasa. Kwa kazi hii huhitaji muhuri. Ichukue kwenye programu ya simu ya benki, au omba itumwe kwa baruapepe.

Hatua ya 1: Jua unakatwa nini hasa

Watu husema "wananikata kila mwezi" wakiwa na maana ya vitu vinne tofauti. Chukua kalamu, pitia steitimenti mstari kwa mstari, weka alama kila palipo na makato.

Ada ya mwezi ya kuendesha akaunti huandikwa kwa Kiingereza, kwa mfano `MONTHLY MAINTENANCE FEE` au `LEDGER FEE`, na hutokea tarehe zilezile, kwa kawaida mwisho wa mwezi au siku ya kwanza ya mwezi unaofuata. Chini yake unaweza kukuta mstari mwingine mdogo ulioandikwa `VAT`. Hiyo ni kodi ya ongezeko la thamani, tuseme asilimia 18 ya ada. Ada ikiwa Sh 2,000, kodi ni Sh 360, na mfukoni kwako inatoka Sh 2,360. Kwenye baadhi ya orodha za ada kodi imeshajumlishwa na kwenye nyingine bado, kwa hiyo soma maandishi madogo yaliyo juu au chini ya jedwali.

Makato mengine si ada ya mwezi hata kama yanakera vilevile. Yapo ya meseji za taarifa, ya kadi ya mwaka, na ya kila unapotoa pesa kwa ATM au kwa wakala. Haya yana dawa zake. Meseji unaweza kuomba zizimwe, na kadi usiyoitumia unaweza kuirudisha. Ukiyachanganya yote kwenye ombi moja lenye hasira, ofisa atakujibu lile jepesi na kuyaacha mengine.

Ukimaliza, andika namba tatu kwenye karatasi: ada ya mwezi pamoja na kodi, jumla yake kwa miezi 12, na idadi ya mara ulizotoa pesa kwa mwezi wa kawaida. Ile ya tatu utaihitaji kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Jua akaunti yako inaitwaje, na kwa nini uko huko

Swali hili huwashinda wengi. Ukimuuliza mtu ana akaunti gani, anakutajia jina la benki. Ndani ya benki moja kuna akaunti za kila namna: ya akiba ya kawaida, ya mshahara, ya hundi, ya mwanafunzi, ya mtoto, ya mstaafu, ya kikundi, na zile nyepesi zinazofunguliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, ambazo mara nyingi hazina ada ya mwezi. Jina la aina ya akaunti limeandikwa juu ya steitimenti, karibu na jina lako.

Kisha jiulize uliwekwaje huko. Kama ni akaunti ya mshahara, masharti yake yalitokana na makubaliano ya benki na mwajiri wako. Mshahara ukikoma kuingia, nafuu yoyote iliyokuwemo inaweza kukoma nayo bila mtu kukupigia simu. Kama ni ya hundi na hujaandika hundi tangu ulipoifungua, unalipia kitu usichotumia. Kama ni ya akiba ya kawaida, huenda ofisa aliyekufungulia alikuandikia ile iliyokuwa inahimizwa mwezi ule. Nasema hivi kwa sababu nami nimewahi kufanya hivyo.

Na wale wanaosema "iache tu, pesa yangu inapata riba," wapige hesabu. Tuseme una Sh 300,000 na riba ya akiba ni asilimia 2 kwa mwaka. Utapata Sh 6,000. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10, inabaki Sh 5,400. Ada ya Sh 2,360 kwa miezi 12 ni Sh 28,320. Unamaliza mwaka ukiwa umepungukiwa Sh 22,920 kwa kuweka akiba.

Hatua ya 3: Chagua unakotaka kuhamia wewe mwenyewe

Usiende kumuuliza ofisa "mna akaunti nafuu?" Utaonyeshwa ile anayotakiwa kuiuza. Nenda na jina la akaunti unayoitaka, umelitoa kwenye orodha ya ada ya benki hiyohiyo.

Hapa angalia mtego mmoja. Akaunti isiyo na ada ya mwezi inaweza kuwa na makato makubwa zaidi kila unapotoa pesa. Chukua mfano. Akaunti ya sasa inakata Sh 2,360 kwa mwezi na Sh 1,300 kila unapotoa kwenye ATM. Ile unayoitaka haikati kwa mwezi, ila inakata Sh 1,500 kwa kila kutoa. Tofauti ni Sh 200. Ukitoa pesa mara 11 kwa mwezi, unalipa ziada ya Sh 2,200, bado una nafuu ndogo. Ukitoa mara 12, ziada ni Sh 2,400 na umeshapitwa. Mkulima anayetoa mara mbili kwa mwezi hana cha kufikiria hapo. Mwenye duka anayetoa kila jioni abaki alipo, au apunguze safari za ATM kwanza.

Jambo la pili ni ukomo. Akaunti nyepesi mara nyingi zina kikomo cha salio au cha miamala. Kama chama kitakuingizia milioni kadhaa kwa mkupuo, uliza mapema akaunti hiyo inapokea hadi kiasi gani. Malipo yakirudi yalikotoka, kuyafuatilia ni kazi ya wiki nzima.

Hatua ya 4: Angalia kama kuna kamba imekufunga

Kabla ya kuomba kuhama, hakikisha hakuna kitu kilichoning'inia kwenye akaunti ya sasa. Kikubwa ni mkopo. Kama una mkopo wa mshahara, marejesho yanakatwa hapo na mwajiri amesaini kwamba mshahara utapita hapo. Benki haitakuhamisha mpaka mkopo uishe, na hata ukilazimisha unaweza kujikuta umechelewesha rejesho.

Vingine ni vidogo lakini husahaulika: maagizo ya kudumu ya kulipa ada ya shule au bima, makato ya SACCOS, namba ya akaunti uliyowapa AMCOS, yaani chama chako cha ushirika cha mazao, au mfuko wa pensheni. Viorodheshe nyuma ya ile karatasi yako.

Hatua ya 5: Andika barua

Unaweza kuongea kwa mdomo, na kuna maofisa waungwana watakaokumalizia papohapo. Mimi bado nakushauri uandike. Ombi la mdomo likikataliwa halina alama popote, na ofisa uliyeongea naye Jumanne anaweza kuwa likizo Alhamisi. Ukurasa mmoja unatosha:

> (Jina lako, S.L.P., namba ya simu, tarehe)
>
> Meneja wa Tawi,
> (Jina la benki na tawi)
>
> YAH: MAOMBI YA KUBADILISHIWA AINA YA AKAUNTI NA KUREJESHEWA ADA ZA MWEZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti namba (andika namba), aina ya (andika jina la akaunti). Akaunti hii hupokea malipo ya mazao katika miezi ya msimu tu. Kwa miezi mingine haina miamala, lakini imeendelea kukatwa ada ya Sh 2,360 kila mwezi pamoja na kodi.
>
> Naomba mambo mawili. Kwanza, akaunti yangu ibadilishwe kuwa (taja jina la akaunti unayoitaka), ambayo kwa mujibu wa orodha yenu ya ada haina ada ya mwezi. Kama mabadiliko hayo yatabadilisha namba ya akaunti, naomba nijulishwe kabla hayajafanyika. Pili, naomba kurejeshewa ada zilizokatwa kuanzia mwezi (taja) hadi (taja), jumla Sh (taja), kwa sababu katika kipindi hicho akaunti haikutumika.
>
> Nimeambatanisha steitimenti yenye alama kwenye makato husika. Naomba jibu kwa maandishi au kwa namba ya simu hapo juu.
>
> Wako mtiifu,
> (Sahihi na jina)

Ile sababu iandike ya kwako, ya kweli. Aliyeachishwa kazi aseme mshahara umekoma tangu mwezi fulani, na mstaafu ataje kwamba sasa anapokea pensheni. Ukiandika tu "makato ni makubwa," umetoa maoni, na jibu la maoni ni "ndivyo viwango vyetu."

Kwenye kiasi cha kurejeshewa, jumlisha na kodi. Nimeona watu wakirudishiwa Sh 2,000 kwa kila mwezi huku Sh 360 zikibaki zilikoenda. Ada ikifutwa, kodi yake haina pa kusimama.

Hatua ya 6: Nenda tawini, kwenye meza inayohusika

Usipange foleni ya keshia. Keshia hawezi kubadilisha aina ya akaunti, na wala usimwoneshe barua mbele ya watu ishirini wanaosubiri. Nenda dawati la huduma kwa wateja. Wakala naye hawezi. Anaweka na kutoa, na wengine hufungua akaunti, lakini za zamani hazigusi.

Siku nzuri ni katikati ya mwezi, katikati ya wiki, asubuhi. Kuanzia tarehe 23 hivi mishahara inaanza kuingia na dawati linajaa. Tena ukichelewa hadi tarehe 30, mfumo utakata mwezi mwingine kabla fomu yako haijafika kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha.

Mazungumzo yawe mafupi. "Habari za kazi, dada. Nimekuja na ombi la kubadilisha aina ya akaunti. Barua hii hapa, na steitimenti nimeiwekea alama." Kisha nyamaza asome. Akishasoma, muulize maswali haya matatu, na majibu yaandike palepale: Namba ya akaunti itabaki ileile? Kadi na huduma ya simu vitaendelea kufanya kazi? Mabadiliko yataanza tarehe ngapi?

Swali la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana. Benki nyingine hubadilisha aina ndani ya mfumo na namba inabaki. Nyingine hukufungulia akaunti mpya na kuifunga ya zamani. Ikiwa ni hivyo, ile orodha ya nyuma ya karatasi ndiyo kazi yako inayofuata: AMCOS, mwajiri, mfuko wa pensheni, SACCOS, wote wapewe namba mpya *kabla* ya zamani kufungwa.

Nakala moja ya barua wabaki nayo. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama utapewa namba ya kumbukumbu ya ombi, iandike kwenye nakala hiyohiyo.

Usisaini fomu yenye nafasi wazi. Wala usishangae ukitolewa kwenye mada na kuulizwa kama ungependa bima au mkopo mdogo. Jibu "leo nimekuja kwa hili moja tu" na mrudi kwenye barua.

Hatua ya 7: Subiri mwisho wa mwezi, kisha kagua

Siku akaunti itakapobadilishwa si siku ya kusherehekea. Subiri mwisho wa mwezi upite, fungua steitimenti, angalia kama ule mstari umetokea tena. Kagua na mwezi wa pili. Makato ya mwezi wa mabadiliko hutokea mara nyingi kwa sababu mfumo ulikuwa umeshapanga kuyakata. Ya mwezi wa pili ni dalili kwamba mabadiliko hayajakamilika.

Mfano: akaunti ya shangazi

Shangazi yangu yuko Tandahimba na analima korosho. Chama chake kinalipa kupitia benki. Januari alitoa karibu pesa yote, akabakiza Sh 5,000, akijua zitamsubiri hadi msimu ujao. Ada yake ilikuwa ile ya mfano wetu, Sh 2,360 pamoja na kodi.

Mwisho wa Januari zikabaki Sh 2,640. Mwisho wa Februari zikabaki Sh 280. Machi mfumo ulitaka Sh 2,360, ukakuta 280, ukazichukua na kuandika deni la Sh 2,080. Kuanzia hapo kila mwezi deni likapanda kwa Sh 2,360 bila yeye kujua, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuangalia salio. Oktoba ilipokwisha, deni lilikuwa Sh 18,600.

Novemba chama kikamwingizia Sh 640,000. Deni likajilipa lenyewe kwanza, akakuta Sh 621,400. Alimshuku karani wa chama, na nusura wagombane mbele ya ghala.

Tulipopata steitimenti kila kitu kilikuwa wazi. Tukaandika barua, tukaomba mambo mawili kama nilivyoeleza. La kwanza lilichukua siku nne za kazi na namba ya akaunti ikabaki ileile. La pili meneja alikubali nusu: alirudisha miezi minne, Sh 9,440, akasema iliyobaki iko nje ya uwezo wake. Tungeweza kupanda juu zaidi. Shangazi akasema nauli ya kwenda na kurudi itakula kilichobaki, na hapo nilikubaliana naye. Mwisho wa Novemba hakukatwa, Desemba hakukatwa.

Sikiliza vizuri namna meneja alivyojibu. Hakuna sheria inayomlazimu kurudisha ada ambayo ilikuwa kwenye masharti uliyosaini. Anarudisha kwa kulinda mteja, na ana kikomo cha kiasi anachoweza kuidhinisha. Ni tofauti kabisa na ada iliyokatwa mara mbili kwa mwezi mmoja, au iliyokatwa kwenye akaunti ambayo orodha inasema haina ada. Hayo ni makosa. Ukikuta ya namna hiyo, usiandike "naomba nihurumiwe." Andika "naomba makosa haya yasahihishwe," na utaje tarehe zake.

Ukikwama

*Ofisa anasema akaunti ya aina yako haibadilishwi.* Uliza kama ni kwa sababu ya mkopo, taarifa zilizopitwa na wakati, au mfumo wao. Ikiwa ni mfumo, omba ufunguliwe mpya na hii ifungwe siku hiyohiyo. Uliza pia ada ya kufunga, maana baadhi ya akaunti zinayo.

*Salio liko hasi.* Usiitelekeze akaunti ukidhani deni litajifia. Pesa yoyote itakayoingia, hata ya kutumiwa na mtoto, italipa deni kwanza. Andika barua uombe deni la ada lifutwe ili akaunti ifungwe au ibadilishwe. Ombi hili hupita kirahisi kuliko la kurudishiwa, kwa kuwa benki haitoi pesa mfukoni, inafuta tu namba ambayo pengine isingeipata kamwe.

*Akaunti imelala.* Ikikaa muda mrefu bila wewe kuweka wala kutoa, benki huifunga kwa muda, na ada inayokatwa na mfumo haihesabiki kuwa ni matumizi yako. Utatakiwa kuiamsha kwanza kwa kitambulisho na kuhuisha taarifa. Omba yote kwa safari moja, kuamsha na kubadilisha, vinginevyo ukiiamsha tu ada inaanza kutembea tena.

*Ni akaunti ya kikundi.* Barua ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Benki itataka muhtasari wa kikao unaoonyesha wanachama wameamua kubadilisha aina ya akaunti, uliosainiwa, na watia saini wote wa akaunti wafike au wasaini fomu. Kwa ya hundi, rudisha na hundi ambazo hazijatumika.

*Tawi liko mbali.* Piga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma ya kadi, eleza ombi, na udai namba ya kumbukumbu. Mara nyingi watakwambia lazima ufike, lakini angalau watakuambia fomu gani na viambatanisho gani, usije ukalipa nauli mara mbili. Simu ipige wewe. Mtu akikupigia akisema anatoka benki na anaweza kukuondolea makato ukimtajia namba ya siri, kata simu.

*Wiki zinapita bila jibu.* Rudi na nakala yako yenye muhuri, omba kuonana na meneja wa tawi. Akishindwa, peleka malalamiko kwa maandishi makao makuu ya benki. Baada ya hapo ndipo pa kwenda dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania. Usilirukie moja kwa moja, maana swali la kwanza utakaloulizwa ni kama benki yako ulishaipa nafasi ya kushughulikia, na ushahidi wake ni ile nakala. Kwa ada iliyokatwa kihalali ila inakuuma tu, usitegemee kushinda huko. Kwa ada iliyokatwa kimakosa na benki ikagoma kuirudisha, nenda.

*Makato yamerudi baada ya miezi kadhaa.* Angalia juu ya steitimenti kama jina la akaunti bado ni lile jipya. Likiwa lilelile, tafuta orodha ya ada ya sasa, huenda masharti yamebadilika. Likiwa limerudi la zamani, rudi tawini na barua ileile ya kwanza, ongeza mstari mmoja chini na tarehe ya leo.